SOMO: Kumwandikia mteja ujumbe wa kulipia ushuru asikuone tapeli

Wiki hii nimeulizwa mara nne, sasa naandika mara moja. Unagomboa mzigo Dar, mteja yuko Mwanza, bandari hajawahi kuiona, nawe unamtumia hivi:

"Bosi tuma 5,600,000 ya ushuru haraka mzigo utoke leo."

Hata mimi nisingetuma. Tuuandike upya.

1. Taja mzigo wake na namba ya bili ya shehena.

2. Ambatisha kadirio la TRA lote, siyo picha iliyokatwa nusu.

3. Tenganisha hela. Tuseme mzigo ni 10,000,000 pamoja na nauli ya meli na bima, na ushuru wake ni 25%, tozo nyingine tuziweke pembeni kwanza. Hiyo ni 2,500,000. VAT ya 18% inapigwa juu ya 12,500,000, inakuja 2,250,000. Mteja akipiga mwenyewe juu ya 10,000,000 anapata 1,800,000, hapo ndipo anaanza kusema unamla. Ujira wako na gharama za bandari ziandike mbali na kodi.

4. Kodi inalipwa TRA kwa kumbukumbu namba, siyo kwenye simu yako.

5. Usiahidi siku. Hapa niliungua. Nilimwandikia mama mmoja wa Kirumba "ukilipa leo unatoka leo". Akalipa saa nne asubuhi, akakodi fuso. Mzigo ukapangiwa ukaguzi, na oda ya wakala wa meli ya kuachia mzigo ilikuwa bado haijatoka. Fuso ikalala siku tatu, za kusubiri nikalipa mimi. Bila kodi forodha hawaachii, ndiyo, ila kulipa hakufuti ukaguzi, oda ya meli wala ada za bandari.

Sasa ungeandika:

"Shikamoo mama. Katoni zako 120 za glasi, bili ya shehena namba ____, zimekadiriwa na TRA, kadirio nimeambatisha. Kodi inalipwa kwa kumbukumbu namba iliyomo humo. Forodha hawataruhusu mzigo kabla ya malipo. Ujira wangu na ada za bandari nimeziandika karatasi ya pili. Gari usikodi mpaka nikupigie."

MASWALI

– Mkuu nitumie hiyo namba na mimi nilipe wangu.
Soma hatua ya 4. Namba inatoka kwenye kadirio la mzigo wako, haiazimwi.

– Si umwambie tu jumla? Wateja hawasomi.
Basi endelea kuitwa mwizi.

– Mteja wangu amesajiliwa VAT. Nimwandikie tofauti?
Swali zuri. Hiyo 2,250,000 anaweza kuidai kwenye ritani yake, kwa hiyo mwambie. Ila hakikisha nyaraka zina TIN yake. Zikitoka kwa TIN ya mtu mwingine, ataisikia tu.

– Mimi navusha ziwa kutoka Kampala, nako ni 25%?
Kama bidhaa imetengenezwa Uganda na ina cheti cha uasilia cha Afrika Mashariki, ushuru wa forodha ni sifuri, VAT inabaki. Ya China uliyoinunua Kampala haimo. Kwenye ujumbe andika cheti kipo au hakipo, kabla hujataja hela yoyote.