Sera ya kurudisha bidhaa: namna ya kuiandika ikaeleweka kaunta na mtandaoni

Bango langu la kwanza lilikuwa na sentensi moja tu: "Bidhaa irudishwe ndani ya siku 7 ikiwa katika hali nzuri." Nauza viatu na nguo, nikaona imetosha. Siku ya sita mteja akaleta viatu alivyokwenda navyo harusini. Soli ilishakwaruzika na ngozi ilikuwa na mkunjo pale vidole vinapopinda. "Si vipo katika hali nzuri?" akauliza. Na kweli, kwa viatu vilivyovaliwa mara moja, vilikuwa katika hali nzuri. Tukabishana mbele ya wateja wengine, mwishowe nikampa fedha zake. Ukweli ni kwamba bango langu mwenyewe lilikuwa linamtetea yeye.

Tangu hapo nimeliandika upya mara kadhaa. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa. Mifano yangu ni ya viatu na nguo, wewe weka bidhaa zako.

Hatua ya 1: Tenganisha marejesho ya aina mbili

Kabla hujagusa kalamu, jiulize nani amekosea. Kuna mteja anayerudisha kwa sababu kiatu kimebanduka gundi, au ameagiza saizi 40 ukampelekea 42. Hilo ni kosa la upande wako. Kuna mwingine amefika nyumbani akaona rangi haimpendezi. Huyo hujamkosea, unamfanyia hisani.

Mabango mengi huwachanganya hawa wawili kwenye sentensi moja, na ugomvi huanzia hapo. Mwenye duka anaogopa wanaobadili mawazo, anaandika "Mali ikiuzwa hairudishwi", kisha anajikuta akimfukuza hata aliyeuziwa kitu kibovu. Katika nchi nyingi sheria ya kumlinda mlaji haikubali hilo: bidhaa yenye kasoro ina dawa yake hata bango liseme nini. Kwa mauzo ya mtandaoni, baadhi ya sheria huenda mbali zaidi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 14 za kughairi hata bila sababu. Kwa hiyo soma kwanza sheria ya mahali unapouzia. Sera yako inaweza kumpa mteja zaidi ya sheria, lakini haiwezi kumpunguzia.

Chukua karatasi, igawe safu mbili: "kosa letu" na "mteja ameghairi". Kwa kila safu jibu maswali manne: ana siku ngapi, bidhaa iweje, atapata nini, na nani analipa usafiri. Ukishapata majibu hayo manane, kazi kubwa imekwisha.

Hatua ya 2: Fukuza maneno legelege

Lugha yetu ina mitego yake hapa. Angalia hili: "Tunarudisha ndani ya siku 7." Nani anarudisha nini? Mteja anasoma kwamba fedha zake zitarudi ndani ya siku saba. Wewe ulimaanisha alete kiatu ndani ya siku saba. Mimi nimejiwekea kanuni: bidhaa *hurudishwa*, fedha *hurejeshwa*, na kila sentensi lazima imtaje mtendaji. "Wewe utuletee", "sisi tutakurejeshea".

"Hali nzuri" ifute kabisa. Mahali pake andika vitu ambavyo macho yanaweza kuviona: soli haina mkwaruzo, lebo haijakatwa, boksi lipo. Lengo ni kwamba mfanyakazi wako mgeni kabisa akigeuza kiatu juu chini aweze kusema ndiyo au hapana bila kukupigia simu. Kiatu kijaribiwe ndani, juu ya zulia. Ukimwandikia hivyo mteja, anaelewa mara moja kwa nini unaangalia soli.

Siku nazo zina utata. Je, siku ya kununua inahesabiwa? Aliyeagiza mtandaoni, siku zake zinaanza alipolipa au mzigo ulipomfikia? Mimi huhesabu kuanzia siku inayofuata ile aliyopokea bidhaa mkononi. Tena kinachotakiwa ndani ya muda huo ni *kutujulisha*, si bidhaa kufika dukani. Niliwahi kumkatalia mteja wa mbali ambaye kiatu kilifika siku ya tisa, kumbe alikuwa amenitumia ujumbe siku ya tano. Msafirishaji ndiye aliyechelewa, mteja akaadhibiwa. Ukitaja saa pia, malizia na "asubuhi" au "jioni", maana "kabla ya saa 12" peke yake inasomeka vyovyote.

Hatua ya 3: Amua mambo ya fedha

Kuna mambo matatu anayoweza kupata mteja: kubadilishiwa, vocha ya duka, au fedha taslimu. Kosa likiwa letu, mteja ndiye anayechagua kati ya kubadilishiwa na fedha. Akighairi, natoa badiliko au vocha, pale sheria inaporuhusu. Vocha iandikwe kiasi na tarehe ya mwisho, vinginevyo itakufuata miaka.

Sema pia kwamba kiasi ni kile alicholipa, si bei ya leo. Bila hivyo, aliyenunua wakati wa punguzo atadai bei kamili.

Penye ugumu hasa ni ofa. Tuseme umetangaza "nunua mbili, ya tatu bure", jozi zote bei sawa. Mteja akarudisha jozi moja yenye kasoro na kusema: "Hii ndiyo niliyolipia, ile ya bure nimeipenda." Umrejeshee kiasi gani? Amelipa bei ya jozi mbili akapata tatu, kwa hiyo kila jozi imemgharimu theluthi mbili ya bei. Hicho ndicho ninachorejesha: theluthi mbili ya bei ya jozi moja. Ukimpa bei kamili umejipunja, na ukimwambia "hiyo ilikuwa ya bure, huna kitu" umemdhulumu kwa kasoro isiyo yake. Mstari mmoja kwenye sera unamaliza mjadala: "Punguzo la ofa hugawanywa sawa kwa bidhaa zote za ofa hiyo." Ikiwa bei zinatofautiana, gawa kwa uwiano wa bei zake.

Hatua ya 4: Andika

Hili ndilo bango langu la sasa:

> KURUDISHA BIDHAA
>
> Ina kasoro, au tumekupa isiyo sahihi? Tujulishe ndani ya siku 30. Chagua: tukubadilishie au tukurejeshee fedha zote. Usafiri tunalipa sisi.
>
> Haikutoshi, au umeghairi? Tujulishe ndani ya siku 7. Soli isiwe na mkwaruzo, lebo isikatwe, boksi liwepo. Tutakubadilishia au tutakupa vocha ya kiasi ulicholipa, ya miezi 6. Haturejeshi fedha. Usafiri unalipa wewe.
>
> Hazirudishwi ila zikiwa na kasoro: nguo za ndani, soksi, hereni, na nguo iliyoshonwa au kupunguzwa kwa vipimo vyako.
>
> Njoo na risiti au ujumbe wa malipo. Fedha hurejeshwa kwa njia uliyolipia, ndani ya siku 3 baada ya kukagua bidhaa.
>
> Siku huanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kupokea bidhaa. Punguzo la ofa hugawanywa sawa kwa bidhaa zote za ofa.
>
> Inatumika kwa ununuzi kuanzia: (tarehe)

Kumbuka neno "ila zikiwa na kasoro" kwenye orodha ya visivyorudishwa. Wengi hulisahau, na bila hilo umerudi kulekule kwenye "ikiuzwa hairudishwi".

Hizo siku 30 na 7 ni zangu. Chagua zako kwa kuangalia kasoro za bidhaa yako huchukua muda gani kujitokeza. Gundi mbovu ya kiatu hujionyesha ndani ya wiki chache za kuvaa, lakini kasoro ya betri inaweza kuchelewa zaidi.

Hatua ya 5: Kaunta

Bango lionekane *kabla* ya mteja kulipa. Likiwa nyuma ya risiti tu, amelisoma akishatoa fedha, na hapo ana haki ya kulalamika. Mimi nimechapa karatasi ya A3 nikaibandika kando ya anapokaa mpokea fedha, usawa wa macho. Kipimo changu ni rahisi: simama anaposimama mteja, usiiname, usome mstari mdogo kuliko yote. Ukikunja macho, ongeza ukubwa wa maandishi au punguza maneno. Herufi kubwa weka kwenye kichwa pekee, maana aya nzima ya herufi kubwa inachosha kusoma.

Hatua ya 6: Kurasa za mitandaoni

Usipige picha bango ukaitupia tu. Maneno yaliyo ndani ya picha ni magumu kunakili, na programu za kuwasomea wasioona mara nyingi haziyafikii. Weka picha, kisha rudia maneno yote kwenye maelezo chini yake.

Kwenye Instagram, wasifu una herufi 150 tu, kwa hiyo hapo nimeandika "Kurudisha bidhaa: tazama posti ya juu", kisha nikaibandika posti yenyewe juu ya ukurasa. Ukiiweka kwenye stori itapotea baada ya saa 24 usipoihifadhi kwenye kumbukumbu za wasifu. Facebook nayo inakuruhusu kubandika posti juu.

Ila mauzo mengi hufungwa kwenye mazungumzo ya faragha, na huko mteja huenda hajawahi kuufungua ukurasa wako. Kwenye WhatsApp Business nimetengeneza jibu la haraka. Nikiandika mkwaju na neno lake, sera nzima inajitokeza:

```
/kurudisha
```

Ninaituma *pamoja na* namba ya malipo, ujumbe huohuo. Hivyo mazungumzo yenyewe yanaonyesha kwamba sera ilitangulia fedha.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa kesi, kisha weka tarehe

Mpe sera mtu asiyehusika na duka, umuulize: "Nimenunua Jumatatu, lebo nimekata, gundi imebanduka Ijumaa. Napata nini?" Jibu sahihi ni kubadilishiwa au fedha zote, kwa sababu sharti la lebo ni la walioghairi tu. Msomaji wangu wa kwanza alijibu "hupati kitu". Nilikuwa nimeweka masharti ya lebo na boksi mstari wa mwisho kabisa, akadhani yanahusu kila kitu. Nikayahamishia ndani ya aya ya kughairi.

Ukibadilisha sera, badilisha siku hiyohiyo kaunta, kwenye posti na kwenye jibu la haraka, kisha uandike tarehe mpya. Nakala ya zamani ihifadhi. Atakayekuja na risiti ya kabla ya tarehe hiyo unamhudumia kwa sera aliyonunulia, hata kama mpya ni kali zaidi.