Mwigizaji akifariki tamthilia ikiendelea: namna ya kumwondoa mhusika wake

Rekodi zisimame kwanza, watu wakazike. Mkirudi mezani, anzeni na picha zilizopo kabla ya skripti.

1. Tafuta siku ya mwisho ya mhusika

Kaa na mhariri, mpange sini zote za marehemu kwa mfuatano wa hadithi. Tarehe za kurekodi zitawapotosha, maana sini ya epizodi ya kumi huenda ilirekodiwa mapema kwa sababu ya lokesheni. Mnapokuta pengo lisilozibika, mhusika anaishia hapo. Sini zake za mbele zaidi zitoeni, hata zikiwa nzuri.

Mwigizaji John Ritter aliugua akiwa mazoezini kwenye seti ya tamthilia ya Marekani, 8 Simple Rules, akafariki 11 Septemba 2003. Epizodi tatu za msimu wa pili zilikuwa zimekamilika, zikarushwa kama zilivyo.

2. Kifo kitokee nje ya picha, tena kwa sababu ya kawaida

Paul, baba aliyeigizwa na Ritter, alikwenda dukani kununua maziwa akaanguka huko. Sisi tunabaki nyumbani na mke na watoto. Epizodi hiyo ya saa moja ilirushwa 4 Novemba 2003, na ingawa ni tamthilia ya vichekesho, ilirekodiwa bila watazamaji studioni.

Kusema mhusika amesafiri kunafaa akiwa na nafasi ndogo tu katika hadithi. Akiwa nguzo ya nyumba, mtazamaji aliyekwisha kusikia habari za msiba atamwona mkewe akisubiri simu isiyokuja, na hatawaamini tena.

3. Usimuunge kwa vipande

Nancy Marchand, aliyeigiza Livia, mama yake Tony, kwenye tamthilia ya The Sopranos, alifariki Juni 2000. Ili Livia aongee na mwanawe mara ya mwisho, uso wake ulitolewa kwenye picha za zamani ukabandikwa juu ya mwili wa mwigizaji mwingine. Tazama nywele na mwanga usoni: vinabadilika kila anapojibu. Dosari kubwa zaidi imo kwenye maneno, kwa kuwa Tony analazimika kuuliza yale tu yenye majibu kwenye maktaba ya picha za zamani. Ukiona mistari ya aliye hai inapindishwa hivyo, futa sini.

4. Gawa kazi zake, usijaze kiti chake

Andika alichokifanya mhusika: nani alijua siri ya mtoto, nani alilipa kodi, nani alipatanisha ugomvi. Kila kazi mpe mtu, na moja au mbili ziache bila mwenyewe ili pengo lionekane. Kwa kina Paul waliingia babu, kisha mpwa wa mke. Hakuna aliyeletwa kuwa baba mpya.

5. Familia isome kabla ya kurekodi

Wapelekee hasa sini za msiba. Waulize kuhusu sala, picha ya ukutani na nguo za marehemu mnazotaka kuonyesha. Wakikataa kitu, kitoeni.