Skrinshoti ya twiti: feki au ya kweli? Icheki hivi

Hapa naongelea twiti tu, maana ndo zinazozunguka sana kwenye magrupu ya Wasap. Chukua mfano wa kutunga: skrinshoti ya twiti ya gavana, imeandikwa 9:14 PM · May 14, 2024, pembeni Twitter for Android, chini 31K Views na laiki 48K.

Hatua ya 1. Tenganisha vitu vya twiti na vitu vya simu ya aliyeipiga picha. Wengi wanachemka hapa. Saa inafuata eneo la anayesoma, kwa hiyo twiti ya saa tatu na dakika 14 usiku Nairobi, mtu wa London mwezi huo wa Mei anaiona 7:14 PM, na wala hakuna feki hapo. Logo pia, twiti ya 2019 ukiifungua leo utaikuta na X badala ya kale kandege, kwa hiyo usikimbilie kupiga kelele.

Hatua ya 2. Linganisha tarehe na vitu vya twiti yenyewe. Ile lebo ya Twitter for Android iliondolewa Desemba 2022, sasa twiti ya Mei 2024 imeitoa wapi? Hapo gavana wetu kashaponzwa na fundi wake. Views nazo zilianza mwezi huohuo, za kabla ya hapo hazionyeshi, hivyo ukiona twiti ya 2018 ina Views jua imepikwa. Na ya 2015 yenye maneno marefu kupita herufi 140 ni hivyohivyo, 280 zilikuja Novemba 2017.

Hatua ya 3. Namba. Laiki 48K kwa Views 31K haiingii akilini, mtu analaiki vipi asichokiona? Ila skrinshoti mbili kupishana laiki sio shida, zimepigwa muda tofauti.

Hatua ya 4. Hii usiiruke hata kama picha iko safi kabisa, kwa sababu mtu akifungua twiti halisi kwenye kompyuta anaweza kubadilisha maandishi ndani ya brauza na kila kitu kingine kikabaki orijino, fonti mpaka tiki, jicho lako halitaona kitu. Kwa hiyo tafuta kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya X yenyewe:

```
from:jinalaakaunti since:2024-05-13 until:2024-05-16
```

Tarehe ya until haihesabiwi, na acha siku moja ya ziada kila upande kwa ajili ya tofauti ya saa.

Usipoipata watakwambia kaifuta. Sawa, ila akifuta twiti majibu ya watu hayafutiki nayo:

```
to:jinalaakaunti since:2024-05-14 until:2024-05-17
```

Bonyeza Latest usome. Twiti ya laiki 48K lazima kuna watu walimtukana, kumtetea au kumuuliza, na web.archive.org huenda ikawa na kopi. Ukikuta siku hiyo watu wanamlilia barabara na maji tu, hakuna hata mmoja anayegusa hayo maneno, waambie grupu walete linki.