Mapungufu ya utafiti: sema yanavuta matokeo upande gani

Wanaoandika tasnifu, acheni kujaza sehemu ya mapungufu kwa "muda na fedha havikutosha". Hiyo ni ratiba yako. Msomaji anataka kujua namba zako zimepinda wapi.

Tuseme umehoji bodaboda kwenye vijiwe vya Ubungo na Mbagala, na asilimia 40 wakasema huvaa helmeti kila safari. Ukiandika tu "majibu yanaweza yasiwe ya kweli", umejibomoa mwenyewe. Taja mwelekeo: "Uvaaji ulipimwa kwa maelezo ya waendeshaji wenyewe. Kwa kuwa sheria inawataka wavae, huenda wengine walijisifu, hivyo kiwango halisi kinaweza kuwa chini ya asilimia 40. Hitimisho kwamba wengi hawavai kila safari linabaki palepale."

Umekiri, na hoja imesimama. Ila angalia: kama hoja yako ni kwamba wengi wanavaa, kasoro hiyohiyo inakula hoja yenyewe, na hapo punguza dai, usipambe maneno. Na kama ulihoji mchana tu, usiwasemee wa usiku. Rudi kwenye hitimisho na ikisiri ukafute "bodaboda wa Dar es Salaam" uandike uliowahoji. Msimamizi makini huanzia hapo.