Muhtasari wa modeli: ukague kabla ya kutoa pesa

Mazungumzo na modeli ya akili bandia yakirefuka, wengi huiomba iyafupishe, kisha wanaubandika muhtasari kwenye mazungumzo mapya. Kuanzia hapo modeli inasoma muhtasari tu; kilichoachwa nje hakipo tena kwake.

Tuchukue mfano wa mama mwenye depo ya unga wa bukari, Lubumbashi. Muhtasari wake unasema: «Ameamua kununua mifuko 60 kwa dola 14, atalipa mzigo ukivuka Kasumbalesa.»

1. Nakili mazungumzo yote ya asili kwenye faili moja. Ukitafuta ndani ya programu, jumbe za zamani ambazo hazijafunguka huenda zisionekane.

2. Katakata muhtasari, kila dai mstari wake. Sentensi ile moja ina madai manne: ameamua, mifuko 60, dola 14, kulipa mpakani.

3. Tafuta kila dai kwenye faili (Ctrl+F), na usisimame pale linapotokea mara ya kwanza. Hapa ndipo watu wanapoponyokwa. «14» ipo kweli, mwanzoni. Lakini chini zaidi mama aliandika: «Muuzaji amepandisha, sasa ni kumi na tano.» Ameandika kwa maneno, kwa hiyo ukitafuta «15» hupati kitu, tafuta pia «bei» na «muuzaji». Kwa mifuko 60, 840 inakuwa 900.

«Ameamua» nayo haina mwenyewe. Ni modeli iliyopendekeza 60. Mama alijibu «nitaona». Na kuhusu malipo aliandika: «Silipi mpaka mzigo uingie depo, hata ukivuka Kasumbalesa.» Muhtasari umebakiza Kasumbalesa, ukaiangusha «silipi». Ukanusho na masharti hudondoka kirahisi, kwa hiyo pitia kila «si-», «usi-», «mpaka» na «ila».

4. Sasa geuza: soma asili, ukiuliza kila uamuzi na kila katazo liko wapi katika muhtasari. Hatua ya tatu haiwezi kukuonyesha kilichoachwa kabisa. Rekebisha kwa mkono wako, ndipo ubandike.

Maswali ya wanachama

*Yaya, siwezi kuiambia modeli yenyewe ikague?*
Ikiwa na muhtasari peke yake, huenda ikausifu tu. Ipe maandishi yote mawili, idai nukuu ya asili kwa kila dai, kisha uitafute nukuu hiyo neno kwa neno. Isipopatikana, pengine imetungwa.

*Tulichanganya Kifaransa na Kiswahili, muhtasari ukatoka Kifaransa.*
Tafuta kwa lugha zote mbili. Bei yoyote isiyotaja dola au franga, irudie kwenye asili.

*Na kama nimeshafuta mazungumzo ya asili?*
Basi hakuna cha kulinganisha, papa. Mpigie muuzaji akuthibitishie bei, na uangalie risiti na jumbe zenu. Yale uliyoyasema wewe mwenyewe, yaandike upya. Usiyachukue kwenye muhtasari.