Somo: Kumwandikia mama mkwe heri ya kuzaliwa ukiwa bado mgeni katika boma

Somo hili ni la aliyeolewa au kuoa karibuni, ambaye mama wa upande wa pili bado anamsoma. Tuchukue mfano wa binti aliyelelewa Nakuru akaolewa Kakamega. Tumwite Rehema, na mumewe Barasa. Mama yuko nyumbani kijijini, anatumia kabambe, na siku yake ya kuzaliwa ni kesho. Hii hapa rasimu ya kwanza ya Rehema:

"Furahia siku yako mama mkwe! Asante kwa kunizalia mume bora duniani. Wewe ni kama mama yangu mzazi. Uzeeke salama uwaone wajukuu!"

Nia ni njema kabisa, lakini karibu kila sentensi ina kasoro. Tuitengeneze pamoja.

Kwanza, hakikisha siku. Wazee wengi wana tarehe ya kukisia kwenye kitambulisho, hasa waliozaliwa nyumbani. Muulize mumeo au wifi yako ni siku gani mama mwenyewe huihesabu. Uliza pia kama huwa anaiadhimisha, maana kuna mama ambaye hajawahi kuimbiwa wala kukatiwa keki, na kwake maneno machache ya upole yatapokelewa vizuri kuliko kelele.

Pili, chagua utakavyomwita. "Mama mkwe" ni neno la kumtaja unapozungumza na watu wengine. Ukimwita hivyo yeye mwenyewe, unamkumbusha kwamba wewe ni wa nje. Jina lake la kuzaliwa usiliguse kabisa. Andika "Mama", au "Mama" pamoja na jina la mtoto wake wa kwanza ikiwa ndivyo boma zima linavyomwita. Sikiliza wake wa ndugu za mumeo waliokutangulia humo wanamwitaje, ufuate hao.

Tatu, tafuta jambo moja alilokutendea. Hapa ndipo ujumbe unapopata uhai, kwa hiyo usiharakishe. Rasimu ya Rehema inamshukuru mama kwa sababu ya Barasa, kwa hiyo anayesifiwa ni Barasa. Tena "kunizalia mume" inasikika kana kwamba mama alizaa kwa ajili ya Rehema. Na kumwambia "kama mama yangu mzazi" mapema hivi ni kudai ukaribu ambao haujajengeka. Mama mwenye busara ataona ni maneno ya kadi.

Nilimuuliza Rehema wetu huyu wa mfano: mama alipokufikisha jikoni mara ya kwanza, alifanya nini? Alimfundisha kupika mrenda. Binti wa mjini hajui kiasi cha magadi wala wakati wa kukoroga, lakini mama alisubiri bila kumharakisha, na baadaye hakumcheka mbele ya mawifi. Hilo ndilo la kuandika. Mama atajua papo hapo kwamba ujumbe haukunakiliwa popote, kwa sababu jikoni siku ile walikuwa wao wenyewe.

Kama hujakaa naye vya kutosha, chukua dogo: alivyokusindikiza hadi barabarani, alivyokufungia mayai, alivyokuuliza hali ya wazazi wako kabla ya kukuuliza lolote lingine. Dogo la kweli linatosha. Usilikuze.

Nne, mwombee, usimwamrishe. "Furahia siku yako" ni amri, hata ukiitamka kwa tabasamu. Kwa mkubwa tunasema "ufurahie", "Mungu akuzidishie", "nakuomba upokee salamu zangu". Kiambishi kidogo tu, lakini mama aliyezoea kusikia Kiswahili cha kanisani atasikia tofauti. Uzee usiutaje, na miaka yake usiihesabu. Wajukuu nao waache: ukiwataja wewe, umefungua mazungumzo ambayo huenda hukuwa tayari kuyafanya, na yatakusubiri Krismasi ukirudi nyumbani.

Tano, jitambulishe. Huenda hajahifadhi namba yako. Maliza kwa jina lako na la mumeo.

Ujumbe wa Rehema sasa ni huu:

"Mama, heri ya siku ya kuzaliwa. Sijasahau ulivyonifundisha kupika mrenda bila kuniharakisha. Mungu akuzidishie afya. Ni Rehema, mke wa Barasa."

Hizo ni herufi 142 pamoja na nafasi na alama. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba 160, kwa hiyo huu unafika mzima kwenye kabambe. Angalia kitu kimoja: ukiongeza hata kikatuni kimoja cha ua au keki, kiwango hushuka hadi 70, ujumbe unagawanywa vipande vitatu, na kwenye simu ya zamani kikatuni chenyewe huonekana kama kisanduku kitupu. Viache.

Tuma asubuhi, kabla hajaenda shambani au kanisani. Usiku wa manane mlio wa simu humshtua mzazi. Hufikiri ni habari za msiba.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni mkwe wa kiume, tuko Kisumu. Naweza kumwandikia mama wa mke wangu moja kwa moja?*

Katika familia nyingi za Waluo na Waluhya kuna umbali wa heshima kati ya mkwe wa kiume na mama wa mkewe, na boma moja huushika zaidi kuliko jingine. Muulize mkeo kwanza. Akikubali, andika kwa "sisi", usiandike "nakupenda", na uwe mfupi kuliko binti: "Mama, sisi sote nyumbani kwetu tunakutakia heri ya siku ya kuzaliwa. Tunashukuru kwa ulivyotupokea. Mungu akulinde." Jina la mkeo litangulie lako mwishoni. Kama boma ni la msimamo mkali, mkeo atume, nawe utajwe ndani ya salamu zake. Hapo hujapungukiwa na kitu.

*Nimtumie pesa pamoja na ujumbe?*

Zitenganishe. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina lako na kiasi, na pesa zikitangulia ndizo zitakazosomwa. Tuma maneno asubuhi, zawadi ije baadaye, na kwenye maneno usiitaje. Afadhali pia mumeo ajue kiasi, ili kesho dada zake wasimuulize jambo ambalo yeye hana habari nalo.

*Familia ina kundi la WhatsApp na wote wanamtakia heri huko. Niandike wapi?*

Kwake binafsi kwanza. Lile la jikoni libaki kati yenu wawili. Kwenye kundi weka sentensi moja, na usiwe wa kwanza kabla ya watoto wake wa kumzaa.

*Naweza kuanza kwa lugha yao?*

Neno moja unaloweza kulitamka ukikutana naye, ndiyo. Kwa mama wa Kiluhya, "Mulembe, Mama" ni mwanzo mzuri, na ujumbe wetu utafika herufi 151 tu. Kwa Mluo, "Erokamano" mahali pa shukrani. Sentensi nzima uliyotafsiriwa na rafiki usiitume. Atakujibu kwa lugha hiyo hiyo, nawe utashindwa kuendelea.

*Mama mkwe wangu ni Shahidi wa Yehova. Nifanyeje?*

Hawaadhimishi siku za kuzaliwa, kwa hiyo usitume heri hata kwa kujificha nyuma ya maneno mengine. Lile jambo alilokutendea mwandikie wiki nyingine yoyote, bila kutaja tarehe, kama shukrani tu.