SOMO: ΔG° ni chanya, je mmenyuko hauendi? Jinsi ya kuamua upande kwa kutumia Q

Naliandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Swali ni lilelile kila wiki, kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita na hata wa mwaka wa kwanza chuoni: "Ticha, jedwali linasema ΔG° ni chanya, kwa hiyo mmenyuko haufanyiki?" Hapana. ΔG° inazungumzia hali sanifu, yaani kila kilichoyeyuka kiwe na moli 1 kwa lita. Kisima chako hakina moli 1 kwa lita ya kitu chochote kilichoyeyuka.

Mfano wetu utoke huku kwetu. Maji ya visima vya Singida na maeneo mengine ya kanda ya kati yanajulikana kwa floridi. Madini mojawapo yanayoitoa ni kalsiamu floridi iliyomo kwenye miamba:

CaF₂(s) ⇌ Ca²⁺ + 2F⁻

Namba za maji hapa chini ni za mfano, si za kisima fulani. Swali: madini haya yanaendelea kuyeyuka, au floridi inarudi kuwa mashapo?

Hatua ya 1. Andika mmenyuko na uusawazishe. Amua kabisa upande upi unauita "mbele". Hapa mbele ni kuyeyuka.

Hatua ya 2. Tafuta ΔG°. Konstanti ya umumunyifu, K, ya CaF₂ kwa 25 °C ni 3.45 × 10⁻¹¹. ΔG° = −RT ln K, na RT kwa kelvini 298 ni 2.478 kJ/mol. Jibu ni +59.7 kJ/mol.

Hatua ya 3. Tengeneza Q. Hapa tuende polepole, maana makosa karibu yote ninayosahihisha yanazaliwa hapa. Q ina umbo lilelile la K, ila unaweka mkolezo uliopo *sasa hivi*, si wa kwenye msawazo. CaF₂ ni yabisi, haiingii. Kwa hiyo Q = [Ca²⁺][F⁻]².

Maji yetu yana kalsiamu mg 10 kwa lita na floridi mg 4 kwa lita. Gawanya kwa uzito wa moli, 40.1 na 19.0, na ubadilishe miligramu kuwa gramu. Unapata Ca²⁺ 2.5 × 10⁻⁴ na F⁻ 2.1 × 10⁻⁴ mol/L. Q = 1.1 × 10⁻¹¹.

Tahadhari ya kwanza: ule mraba wa floridi. Ukiusahau, Q inakuwa 5.3 × 10⁻⁸ na ΔG inatoka +18. Utasema mashapo yanatuama wakati ukweli ni kinyume chake. Na hakuna kitakachokushtua, kwa sababu +18 ni namba yenye sura ya kawaida kabisa.

Tahadhari ya pili: ukiweka mg/L moja kwa moja, Q inakuwa 160 na RT ln Q inakuwa chanya. Hii angalau ina dalili. Kwa chumvi inayoyeyuka, maji yakiwa mepesi hivi, ln Q lazima iwe hasi kubwa. Ukiona chanya, rudi kwenye vipimo.

Hatua ya 4. ΔG = ΔG° + RT ln Q. Logi hapa ni ln, si log ya kumi. ln Q ni −25.23, mara 2.478 ni −62.5. ΔG = 59.7 − 62.5 = −2.8 kJ/mol.

Hasi. Madini yanayeyuka, japo ΔG° ni chanya kubwa.

Hatua ya 5. Hakiki kwa kulinganisha Q na K. Q ndogo kuliko K, mmenyuko unaenda mbele. Q kubwa, unarudi nyuma. 1.1 ni ndogo kuliko 3.45, tumepatana.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: kalsiamu iwe mg 40 kwa lita, floridi ibaki palepale. Q inakuwa 4.4 × 10⁻¹¹, na ΔG inatoka +0.6. Upande umegeuka. Ndiyo maana, kwa floridi inayotoka kwenye madini haya, maji yenye kalsiamu kidogo yanaweza kubeba floridi nyingi zaidi.

---

MASWALI

Dogo_PCB: Ticha mbona umetumia 298 na si 25?

Mwandishi: Kelvini. Ipo hatua ya 2.

Dogo_PCB: Nimepata −62,461 kJ. Ni sawa?

Mwandishi: Si sawa. Umetumia R = 8.314, ambayo inatoa jouli, ukaijumlisha na kilojouli. Gawanya kwa 1000 kabla ya kujumlisha.

Mama Kelvin wa Manyoni: Samahani mwalimu, hiyo +0.6 tuiamini? Iko karibu sana na sifuri.

Mwandishi: Asante dada, hili ndilo swali nililolisubiri. Usiiamini. Nimetumia mkolezo kana kwamba ioni haziguswi na ioni nyingine. Kwenye maji ya chumvichumvi zinavutana, na nguvu yake halisi inapungua. Chukua maji yenye nguvu ya ioni 0.01. Ca²⁺ inafanya kazi kama asilimia 66 ya mkolezo wake, F⁻ kama asilimia 90. Zidisha 0.66 kwa 0.90 kwa 0.90, unapata kama 0.53. RT ln 0.53 ni −1.6, na +0.6 inageuka −1.0. Alama imebadilika! Kwa maji kama hayo mimi husema yako karibu na msawazo, basi. Ile −2.8 haiyumbi, kwa sababu sahihisho hili linaisukuma kuwa hasi zaidi.

Mkemia_Chang'ombe: Mkuu, mimi nimetafuta ΔG° kwa jedwali la nishati za uundaji nikapata 56, si 59.7. Nani kakosea?

Mwandishi: Hakuna aliyekosea hesabu. Unatoa namba za zaidi ya elfu moja ili upate hamsini na kitu, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya jedwali na jedwali inabaki yote kwenye jibu. Na kila 5.7 kJ ni mara kumi kwenye K. Ukiwa na K iliyopimwa, anza na K.

Juma_wa_Form6: kwa hiyo ΔG hasi = inayeyuka haraka

Mwandishi: Sijaandika "haraka" popote. ΔG inatoa upande. Kasi ni somo jingine.

Binti Ihumwa: Shikamoo ticha. Kama kalsiamu inarudisha floridi kuwa mashapo, si tumwage jasi kisimani tumalize tatizo?

Mwandishi: Marahaba. Tupige hesabu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mg 1.5 kwa lita, yaani 7.9 × 10⁻⁵ mol/L. Weka Q = K na utafute kalsiamu: 3.45 × 10⁻¹¹ gawanya kwa mraba wa hiyo, unapata 5.5 × 10⁻³, sawa na mg 220 kwa lita. Kalsiamu yote hiyo ibaki kwenye maji, pamoja na salfeti ya jasi. Halafu mashapo yenyewe huweza kuchelewa kutuama. Usijaribu kwenye maji ya kunywa.

Binti Ihumwa: Basi ule mkaa wa mifupa unaotumika kuondoa floridi unafanyaje?

Mwandishi: Huo hausubiri CaF₂ ituame. Mifupa iliyochomwa ina kalsiamu fosfeti, na floridi inashikwa juu ya uso wake, hasa kwa kuchukua nafasi ya hidroksidi. Ni mmenyuko mwingine wenye K yake, ndiyo maana unaweza kushusha floridi chini ya kiwango ambacho kalsiamu peke yake ingeishia. Ila nafasi zikijaa mkaa unaacha kufanya kazi na maji hayabadiliki rangi wala ladha, kwa hiyo floridi ya maji yanayotoka lazima ipimwe mara kwa mara.